Vijidudu Vinavyolala Wakati wa Dawa

Wakulima wengi wenye ng'ombe wa gredi wamepata kuona jambo hili. Ng'ombe anashikwa na ugonjwa wa kiwele katika robo moja. Maziwa yanatoka na mabonge, na kiwele kina moto. Daktari wa mifugo anatoa mirija ya penisilini, na mkulima anaitia katika chuchu kama alivyoagizwa, mpaka mrija wa mwisho. Maziwa yanakuwa safi. Baada ya wiki chache mabonge yanarudi katika robo ile ile.

Hapo mkulima husema kwamba vijidudu vimeizoea dawa. Pengine ni kweli, maana viko vijidudu vilivyo na nguvu ya kuishinda dawa, navyo huwarithisha watoto wao nguvu hiyo. Lakini iko njia nyingine ya kupona, nayo haihitaji urithi wowote.

Mwaka 1944 daktari mmoja wa Ireland, Joseph Bigger, alitia penisilini katika supu yenye vijidudu viitwavyo stafilokokasi. Hao ni jamii ya wale wanaosumbua viwele vyetu. Karibu wote walikufa. Hata hivyo, alipochunguza aliona wachache wamebaki hai, kadiri ya mmoja katika milioni. Basi akawaotesha hao waliobaki wakazaana tena, kisha akawatia penisilini ile ile. Watoto wao walikufa kama walivyokufa wale wa kwanza, wakabaki wachache tena. Kama wangalikuwa wameizoea dawa, watoto wote wangaliendelea kuishi.

Sababu yake ni namna penisilini inavyofanya kazi. Kijidudu kinapokua hujenga ukuta wake siku zote, na penisilini huharibu ujenzi huo, ukuta ukapasuka. Kijidudu kilicholala hakijengi kitu, kwa hiyo dawa haipati mahali pa kukishika. Mkulima anaijua habari hii shambani. Ukipalilia baada ya mvua, jembe linaua magugu yaliyoota, bali mbegu iliyolala ardhini haiguswi. Mvua ya pili ikinyesha inaota, nayo si gugu gumu kuliko yale mengine. Ilikuwa haijaota tu.

Mwaka 2004 Nathalie Balaban na wenzake walitazama kwa darubini kijidudu kimoja kimoja cha aina nyingine, ikolai. Waliona kwamba vile vilivyopona dawa ya jamii ya penisilini vilikuwa vimekwisha kuacha kukua, au vinakua polepole sana, hata kabla dawa haijatiwa. Vijidudu vikisongamana au vikikosa chakula, wanaolala huongezeka. Ndani ya kiwele chenye makovu na usaha mahali pa namna hiyo ni pengi.

Tufanye hesabu. Tuseme robo moja ina vijidudu milioni 10, na dawa inaacha mmoja katika kila milioni. Wanabaki 10. Dawa ikiisha wanaamka, na kama wakizidi mara mbili kila saa, baada ya saa 20 wamekuwa milioni 10 tena. Kwa kweli huchukua muda zaidi, kwa sababu hawaamki wote pamoja, na damu ya ng'ombe ina askari wake wanaowala. Askari hao ndio wanaomaliza kazi katika ng'ombe wengi. Anayeacha mirija nusu kwa kuwa maziwa yamekwisha kuwa meupe anawaachia askari hao maadui wengi mno.

Utajuaje basi kama ni usingizi au mazoea? Kwa macho huwezi. Stafilokokasi hujificha pia ndani ya nyama ya kiwele, na tena mkono wa mkamuaji huweza kuleta ugonjwa mpya kutoka kwa ng'ombe wa jirani. Lipo jambo moja la kufanya: chukua maziwa ya robo ile kabla ya kutia dawa tena. Osha chuchu na uikaushe, ipanguse kwa spiriti, mwaga michirizi ya kwanza, kamulia katika chupa safi iliyochemshwa, na uipeleke kwa daktari wa mifugo ikiwa baridi. Maabara ikionyesha kwamba dawa bado inaua vijidudu hivyo, kununua dawa kali zaidi si lazima kuwe msaada. Chupa moja isipoonyesha kitu usifurahi upesi, kwani stafilokokasi hatoki katika maziwa kila siku.

Daktari aweza kukushauri ungoje mpaka ng'ombe akaushwe, ndipo itiwe dawa ya kukaa muda mrefu ndani ya kiwele. Ng'ombe ambaye robo yake imekuwa ngumu kama jiwe na inarudia kila mara, mkamue wa mwisho, na ufikirie kumwuza kwa mchinjaji zikiisha siku za kungoja zilizoandikwa juu ya dawa.