Sekunde thelathini zina silabi ngapi?

Kanuni ya maneno 75 imetoka kwa watengenezaji wa matangazo ya Kiingereza: tangazo la sekunde 30 huingia maneno kama hayo, msomaji akienda kwa mwendo wa kawaida. Mwandishi wa Kiswahili akiifuata jinsi ilivyo, msomaji hufika kwenye sekunde ya 30 akiwa bado hajataja mahali wala tarehe. Neno moja la Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na ukanusho kwa pamoja. "Hayatapatikana" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, lakini mdomoni ni silabi saba.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye silabi, na Kiswahili hurahisisha kazi hiyo kuliko lugha nyingi. Hesabu irabu, kila moja peke yake hata zikifuatana: "saa" ni mbili, "kuanzia" ni nne. Kisha ongeza moja kwa kila "m" inayosimama yenyewe mbele ya konsonanti, kama katika "mtoto" na "mgonjwa", na kwa "n" ya maneno machache kama "nchi" na "nne". "Mwalimu" haiongezi kitu, kwa sababu "m" yake imeungana na "wa". Vivyo hivyo "mbuzi".

Msomaji aliyetulia hutamka silabi kama tano kwa sekunde. Hicho ni kianzio tu, maana sauti hutofautiana. Ni bora kuchukua tangazo ambalo msomaji huyo huyo aliwahi kulirekodi, kuhesabu silabi zake, na kuzigawa kwa sekunde alizotumia.

Tuseme kibwagizo cha mwisho kinakula sekunde tatu, na pumzi na vituo vinakula mbili. Zimebaki 25, yaani silabi 125. Hizo ni maneno mangapi? Inategemea lugha ya tangazo. Tazama taarifa hii ya maji, iliyoandikwa kwa mtindo wa ofisini:

"Wateja wetu, kesho Jumamosi maji hayatapatikana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni."

Ina maneno 14 na silabi 41, karibu silabi tatu kwa kila neno. Kwa mwendo huo, silabi 125 ni maneno kama 43. Lakini mchuuzi anayeita "Shuka sokoni kesho, bei ni ile ile" ametumia silabi 14 kwa maneno saba, na kwa lugha yake maneno yanazidi 60 kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuandika rasimu, mwandishi aandike sentensi mbili tatu kwa sauti anayoitaka, apate wastani wake, ndipo ajiwekee kikomo. Kwa tangazo la kawaida la huduma, 45 ni kikomo cha busara.

Rasimu ikizidi, kufuta maneno madogo kama "ya" na "na" huokoa kidogo sana. Kinachookoa ni kutafuta vitenzi virefu na salamu. Ile taarifa ya maji ikiandikwa upya inakuwa:

"Maji yatakatika kesho Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni."

Yamepungua maneno matatu tu, lakini silabi zimeshuka kutoka 41 hadi 30, na sekunde mbili nzima zimepatikana. Msikilizaji hajapoteza habari yoyote, na "yatakatika" ndivyo watu wanavyosema nyumbani.

Mahali panapodanganya zaidi ni kwenye tarakimu. "Sh 25,000" huonekana fupi kwenye ukurasa, ila msomaji atatamka "shilingi elfu ishirini na tano", silabi 12. Namba ya simu ni hatari kubwa zaidi. Kuanzia moja hadi tisa kila tarakimu ina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Namba ya tarakimu kumi inayoanza na sifuri hufika silabi 21 au zaidi. Ikisomwa mara mbili, kama wateja wengi wanavyodai, zaidi ya sekunde nane zimekwenda hata kabla ya kuhesabu vituo vya kumpa msikilizaji nafasi ya kuandika. Theluthi ya tangazo imeisha. Kila tarakimu iandikwe kwa maneno tangu rasimu ya kwanza, ili isihesabiwe vibaya.

Tangazo lililojazwa kupita kiasi hujulikana masikioni. Msomaji hukimbia, silabi humezwa, "hayatapatikana" ikasikika karibu kama "yatapatikana", na mwananchi akajaza ndoo kesho badala ya leo. Fundi wa studio anaweza kubana sauti kwa kompyuta ili itoshe, lakini kubana huko hula kwanza vile vituo vidogo vinavyotenganisha saa na siku. Rasimu isomwe kwa sauti ya kawaida, saa ya simu ikiwa imewashwa, na kusoma kimya kusitumike kabisa, kwa kuwa jicho hulipita neno refu kwa haraka ambayo ulimi hauiwezi. Ikifika sekunde 26 badala ya 25, kitenzi kimoja kirefu kinatosha kubadilishwa. Ikifika 32, kuna habari nzima ambayo inabidi ihamishiwe kwenye tangazo lingine.