Miche 223 ya Kakao

Tuseme baba mmoja wa Mabalako ana miche 223 ya kakao kitaluni. Mvua imekaribia, naye anataka kuipanda kwa mistari iliyo sawa: kila mstari uwe na miche mingi kama mwenzake, wala usibaki mche hata mmoja. Mstari mmoja mrefu wa miche yote hautaki, maana shamba lake ni fupi. Anamwita mwanawe, anayesoma darasa la sita, na kumwambia: “Mwanangu, nihesabie kabla sijachimba mashimo. Je, miche hii itakaa sawa?” Mtoto asipojibu vema, baba atachimba mashimo mengi bure.

Tuanze na namba ndogo. Miche 12 hupangwa kwa mistari 2 ya miche 6, au mistari 3 ya miche 4. Lakini ongeza mche mmoja tu, iwe 13. Jaribu mistari 2, unabaki mche 1. Jaribu 3, unabaki 1 tena. Jaribu 5, inabaki 3. Hata ukijaribu namna zote, 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa, kwa kuwa hakuna namba nyingine zilizozidishana hata kuizaa. Namba tasa za kwanza ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 1 haihesabiwi kati yao.

Watu wa nchi yetu walihesabu tangu kale sana. Huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochanjwa. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umetunzwa Brussels. Katika safu moja ya alama hizo, makundi yake ni 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20! Wataalamu wengine wanafikiri ni bahati tu, wengine wanafikiri zaidi, na mfupa wenyewe hausemi. Mimi nisingethubutu kusema kwamba yule mchanjaji alijua namba tasa. Kwamba alihesabu kwa makini, hilo naona halina shaka.

Turudi kwa miche yetu. Mtoto mvumilivu angegawa 223 kwa 2, kisha kwa 3, kwa 4, kwa 5, hata afike 222. Hiyo ni migawanyo 221. Jua lingetua naye hajamaliza.

Kwanza apunguze kazi hivi. Kama 223 haigawanyiki kwa 2, haiwezi kugawanyika kwa 4, wala 6, wala 8, maana kila namba hizo ina 2 ndani yake. Kama haigawanyiki kwa 3, basi 9 na 15 nazo zimekwisha. Kwa hiyo yatosha kujaribu namba tasa peke yake.

Lakini asimame wapi? Tazama miche 36, jinsi inavyopangwa:

2 × 18
3 × 12
4 × 9
6 × 6
9 × 4
12 × 3
18 × 2

Soma kutoka juu kwenda chini. Namba ya kushoto inakua, ya kulia inapungua, mpaka zinakutana penye 6 × 6. Baada ya hapo hakuna jambo jipya. Mistari 9 ya miche 4 ni ile ile mistari 4 ya miche 9, ila umesimama upande mwingine wa shamba ukitazama. Aliyejaribu mpaka 6 ameona yote. Namba hiyo 6, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 36, huitwa kipeuo cha pili cha 36.

Namba 223 haina kipeuo kamili, lakini twaweza kukizungushia uzio: 14 × 14 ni 196, na 15 × 15 ni 225. Sasa fikiri. Ikiwa miche 223 inaweza kupangwa, basi kuna namba mbili, idadi ya mistari na idadi ya miche katika kila mstari. Je, zote mbili zaweza kuwa 15 au zaidi? Haiwezekani, maana hapo ingehitajika miche 225 au zaidi, na baba anayo 223 tu. Basi moja kati ya hizo mbili lazima iwe 14 au chini yake. Tukijaribu mpaka 14 bila kuipata, haipo kabisa.

Namba tasa zisizopita 14 ni sita tu: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Tugawe.

Kwa 2: 223 ni witiri, haigawanyiki.
Kwa 3: 2 na 2 na 3 ni 7, na 7 haigawanyiki kwa 3, basi 223 nayo haigawanyiki.
Kwa 5: haiishii kwa 0 wala 5.
Kwa 7: 7 × 31 ni 217, inabaki 6.
Kwa 11: 11 × 20 ni 220, inabaki 3.
Kwa 13: 13 × 17 ni 221, inabaki 2.

Kazi imekwisha. Namba 223 ni tasa. Migawanyo 6 imefanya kazi ya 221, na mtoto ana hakika ile ile.

Asiyetaka kutafuta kipeuo atazame jibu la kila mgawanyo. Tulipogawa kwa 13, jibu lilikuwa 17, kubwa kuliko 13. Namba tasa inayofuata ni 17. Ukigawa 223 kwa 17 unapata 13, na inabaki 2. Jibu sasa ni dogo kuliko kigawo. Hiyo ndiyo alama ya kusimama.

Usisimame mapema, lakini. Tuseme panya wamekula miche miwili, imebaki 221. Haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7 wala 11. Mwenye haraka atasema, “Tasa!” Bado 13, na 13 × 17 ni 221 kamili. Baba atapanda mistari 13 ya miche 17 bila kubakiza. Wengine hukosea kwa kuacha kipeuo chenyewe. Namba 169 hukataa 2, 3, 5, 7 na 11, lakini ni 13 × 13. Kipeuo kikiwa kamili, nacho kijaribiwe.

Njia hii ina mpaka wake. Namba 1,000,003 ni tasa, lakini kipeuo chake kinapita 1,000 kidogo tu, na chini ya 1,000 zipo namba tasa 168. Lazima kuzijaribu zote. Kwa namba yenye tarakimu mia, hata mashine za leo zingeshindwa kwa njia hii, na wataalamu hutumia njia nyingine.

Na baba yule afanyeje na miche 223? Atafute mche mmoja kwa jirani, iwe 224: mistari 14 ya miche 16.

Maswali
1. Katika namba 247, 251 na 289, ipi ni tasa?
2. Ukitaka kujaribu namba 400, usimame penye namba gani?
3. Kwa nini hatukugawa 223 kwa 9?