Nyota Moja na Jibu Lake

“Tumesubiri samaki saa nzima na dakika 20, akaja baridi. Kuuliza, mhudumu akatujibu kwa kiburi. Bili ikaongezwa maji tusiyoagiza. Hatuji tena.” Nyota moja.

Tuseme maneno hayo yameandikwa kwenye Google kuhusu mkahawa mmoja wa Mombasa. Mwenyewe anayasoma usiku, damu inamchemka, na papo hapo anaandika:

“Wewe umetumwa. Siku hiyo tulikuwa na kundi la harusi watu 40, mpishi mmoja anaumwa, na samaki wetu tunachoma hapa hapa, si kama wengine wanaopasha. Miaka 12 hakuna aliyelalamika. Mhudumu wangu ana adabu zake. Na nyinyi watu sita mliagiza soda mbili tu…”

Humo mna jambo moja la maana: harusi ndiyo iliyochelewesha chakula. Limezikwa chini ya matusi. Soda mbili ndizo zinazoharibu zaidi, kwa sababu anayetafuta pa kula Jumamosi atajiuliza kama na meza yake itaanikwa hivyo siku moja. Huyo ndiye msomaji mkubwa wa jibu. Google haiondoi maoni eti kwa kuwa mwenye biashara ameyapinga. Yatabaki pale, na jibu chini yake.

Kabla ya kuandika upya, anatafuta karatasi ya oda na nakala ya bili. Oda iliingia saa 7:10 mchana, samaki akatoka saa 8:30. Mteja amesema kweli. Chupa mbili za maji zimo kwenye bili, kwenye oda hazimo. Kuhusu kiburi hakuna karatasi, na mhudumu anakana. Jibu jipya linafuata hayo:

“Asanteni kwa kutueleza. Ni kweli mlisubiri dakika 80. Tulipokea kundi la harusi tukiwa na upungufu jikoni, na hatukuwatahadharisha kabla hamjaagiza. Tunaomba radhi, pia kwa samaki kufika baridi. Maji hamkuagiza, pigeni simu ya mkahawa mrudishiwe pesa yake. Kuhusu mhudumu, nimezungumza naye, na ningependa kuwasikia nyinyi pia. Sasa siku za makundi tunamwambia mteja muda wa kusubiri kabla hajaagiza.”

Sentensi ya mwisho iandikwe tu ikiwa utaratibu huo umeshaanza, maana mteja wa kesho ataupima. Na kwa habari ya mhudumu, mwenye mkahawa hakukiri asilolijua wala hakumwita mteja mwongo.

Proserpio na Zervas, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017, walikuta kwamba hoteli zilizoanza kujibu wateja kwenye TripAdvisor zilipata maoni zaidi kwa asilimia 12, na wastani wa nyota ukapanda kwa 0.12. Ongezeko ni dogo. Lakini walikuta pia kwamba malalamiko yalipungua, na yaliyobaki yakawa marefu zaidi. Kwangu hilo ndilo zito: mtu akijua atajibiwa, hatupi neno moja la hasira akaondoka, anaeleza.

Jibu halikuahidi chakula cha bure. Google inakataza kumpa mteja pesa au punguzo ili abadilishe nyota, kwa hiyo kinachorudishwa ni bei ya maji peke yake, abadilishe asibadilishe.