Nyimbo za Bibi Kabla ya Magharibi

Sikukuu zinapokaribia na watoto kurudi nyumbani kutoka mjini, mzee mwenye dimensia hupokea zawadi nyingi zinazomtisha. Simu janja inayowaka na kuita ghafla. Saa ya ukutani inayotaja wakati kwa sauti ya mtu asiyeonekana. Albamu ya picha za wajukuu, ambayo kila ukurasa unageuka mtihani: "Bibi, huyu ni nani? Na huyu?" Bibi anatazama, anatabasamu kwa adabu, kisha anaifunga albamu na kuuliza watu hawa wataondoka saa ngapi.

Tatizo si kwamba zawadi hizo ni mbaya. Zinamtaka atumie kitu ambacho ugonjwa umekichukua mwanzo kabisa. Katika Alzaima, ambayo ndiyo aina ya dimensia inayowapata watu wengi zaidi, madhara huanza mapema katika sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anaweza kusahau kwamba amekunywa chai sasa hivi, na bado akaeleza vizuri njia ya kwenda kisimani alikochota maji akiwa msichana. Sura ya mjukuu aliyezaliwa miaka kumi iliyopita ni jambo jipya. Matumizi ya simu ni jambo jipya pia.

Wimbo alioucheza akiwa na miaka kumi na minane hauko katika fungu hilo. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha kazi iliyotafuta sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposikia wimbo anaoujua tangu zamani. Walipozilinganisha na ubongo wa wagonjwa wa Alzaima, waliona kwamba sehemu hizo ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huchelewa kuziharibu. Hapo ndipo familia nyingi hupata jibu la jambo linalowashangaza: mama hakumbuki jina la mwanawe, lakini kasida anaimaliza beti zote bila kukosea.

Mwanahabari wa Uskoti Sally Magnusson aliliona hilo kwa mama yake mwenyewe, ambaye pia alikuwa mwanahabari na aliishi na dimensia kwa miaka kadhaa. Nyimbo walizozoea kuimba nyumbani ziliendelea kuwakutanisha hata maneno ya kawaida yalipokwisha. Mwaka 2013, baada ya mama yake kufariki, alianzisha shirika liitwalo Playlist for Life, ambalo kazi yake ni kusaidia familia kutengeneza orodha ya nyimbo za mgonjwa mmoja mmoja.

Hayo maneno "mmoja mmoja" ndiyo kiini cha zawadi yenyewe. Watu wengi hudhani mzee anayehangaika anahitaji muziki wa kutuliza: kinanda cha polepole, filimbi, sauti za maji. Muuguzi na mtafiti wa Marekani Linda Gerdner alilipima wazo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, akiwa na wazee 39 wenye Alzaima na magonjwa yanayohusiana nayo. Kila mmoja alisikilizishwa muziki laini wa kutuliza kwa wakati wake, na nyimbo alizozipenda yeye kwa wakati mwingine. Nyimbo zao wenyewe ndizo zilizopunguza kuhangaika zaidi, ingawa baadhi yake hazikuwa za polepole hata kidogo. Kinachomtuliza mzee ni kuutambua wimbo. Kwa hiyo mwanamke aliyekulia kwenye dansi anaweza kutulizwa na tarumbeta na gitaa, na muziki wa hoteli ukamwacha akiuliza yuko wapi.

Basi nyimbo zenyewe zinapatikanaje? Kumuuliza mzee "ulipenda nyimbo gani?" ni kumrudisha kwenye mtihani. Njia rahisi zaidi ni hesabu. Nyimbo zinazokaa sana ni zile za umri wa miaka 10 hadi 30. Tuseme ni bibi aliyezaliwa mwaka 1946 mjini Tanga. Miaka yake inaanzia 1956 na kuishia 1976, na ndani ya miaka hiyo mji wake ulikuwa na muziki wa kutosha. Atomic Jazz walikuwa wakipiga dansi. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, waliipa taarabu gitaa la umeme na mwendo mpya, na sauti ya Shakila binti Saidi ikafahamika pwani nzima. Redioni alimsikia Salum Abdallah na Cuban Marimba kutoka Morogoro. Mwimbaji huyo alipofariki mwaka 1965, bibi alikuwa na miaka 19. Mbaraka Mwinshehe wa wakati wa Morogoro Jazz naye anaingia. Nyimbo za miaka ya tisini, ambazo wanawe ndio waliozipenda, hazimo, hata kama walizipiga nyumbani kila siku.

Kabla ya dansi na taarabu kuna safu nyingine ambayo hesabu haiioneshi: kasida za madrasa, maulidi, nyimbo za kubembelezea watoto. Kwa mzee Mkristo nafasi hiyo ina Tenzi za Rohoni. Hizi hazikusikilizwa tu, ziliimbwa kwa kinywa chake mwenyewe mara mamia, na mara nyingi ndizo za mwisho kupotea. Kama mzee ni mtu wa dini asiyependa muziki wa ala, orodha ya kasida peke yake inatosha, na hakuna haja ya kumwongezea kitu kingine.

Baada ya hesabu, wanaofaa kuulizwa ni dada zake, mashoga zake wa zamani, jirani waliyekwenda naye harusini. Orodha ya nyimbo kumi hadi kumi na mbili inatosha kuanzia. Kisha inajaribiwa wimbo mmoja mmoja, mtoto akiwa ameketi kando, akimtazama bibi pasipo kumuuliza chochote. Dalili ya kwamba wimbo umefika ni ndogo: kidole kinagonga ukono wa kiti, midomo inatangulia neno linalofuata, mabega yanashuka. Wimbo usioleta chochote mara mbili unaondolewa.

Hapa kuna kosa ambalo hata familia makini hulifanya. Wanapata jina sahihi la wimbo na kuchukua rekodi isiyo yenyewe. Bendi zetu zimezipiga upya nyimbo zao mara nyingi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na wimbo uleule ukapigwa tena kwa vyombo vingine na kwa mwendo mwingine. Kwa kijana ni wimbo mmoja. Kwa bibi, ambaye sikio lake limehifadhi sauti ile hasa, na pengine hata mikwaruzo ya santuri, rekodi mpya inaweza kuwa ya mgeni. Inafaa kusikiliza rekodi mbili tatu za wimbo mmoja na kumwacha uso wake uchague.

Sasa kifaa. Simu haifai, maana wimbo ukiisha huingia tangazo la kampuni, au video nyingine inayoanza yenyewe, au mtu anapiga. Redio ya kawaida nayo haifai, kwa sababu kati ya nyimbo kuna taarifa ya habari, kelele za mpira na, zito kuliko yote, matangazo ya vifo. Kinachofaa ni redio ndogo ya kuchomeka flashi, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, lakini ijaribiwe dukani kabla ya kulipiwa. Nyingi zina taa zinazometameta kwa rangi, na nyingine zikiwashwa hupiga yowe la Kiingereza kutangaza kwamba zimewaka. Mzee mwenye dimensia akisikia sauti ya mtu ndani ya kasha anaweza kuanza kumtafuta mtu huyo. Kwa sababu hiyohiyo, kumrekodia salamu za wanawe walio mbali kunahitaji tahadhari: badala ya kufarijika, anaweza kusimama na kwenda mlangoni kuwapokea.

Ikipatikana redio isiyo na taa wala yowe, vitufe vyote vinafunikwa kwa utepe isipokuwa kile cha kuwashia, ambacho kinabandikwa kipande cha kitambaa ili kidole kikijue. Iwekwe karibu naye, si kwenye kona, na isishindane na televisheni. Vya kuvaa masikioni viachwe mpaka ijulikane kwamba havimwogopeshi.

Saa ya kuiwasha ina uzito kama nyimbo zenyewe. Wazee wengi wenye dimensia huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama: wanataka kwenda "nyumbani" ilhali wako nyumbani, wanavuta milango, wanalia. Gerdner alishauri muziki utangulie saa hiyo kwa nusu saa hivi. Kama bibi huanza kuhangaika saa kumi na moja jioni, nyimbo zianze saa kumi na nusu, akiwa bado ametulia. Zikipigwa wakati tayari anapiga kelele, zinageuka kelele nyingine juu ya kelele. Na zikipigwa tangu asubuhi hadi usiku, zinakuwa kama feni, hazisikiki tena.

Muziki hautibu dimensia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyojumlisha tafiti nyingi za tiba ya muziki, yaliona kwamba huenda inapunguza huzuni na matatizo ya tabia kwa jumla, lakini kumbukumbu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na fadhaa na ukali havikupungua kwa uhakika. Kwa hiyo mzee aliyekuwa ametulia kwa wiki nyingi akibadilika ghafla ndani ya siku mbili hatafutiwi wimbo. Anapelekwa hospitali, maana maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu au choo kigumu mara nyingi hujionyesha kwa namna hiyo kwa mtu asiyeweza kusema panapouma.

Upo pia wimbo unaoumiza. Katika orodha ya yule bibi wa Tanga, tuseme wimbo wa sita ulipigwa sana mwaka aliofiwa na mtoto wake wa kwanza, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amezaliwa kulijua hilo. Machozi peke yake si dalili ya hatari. Mzee anaweza kulia huku akiimba na mkono wake umelegea, na hapo anaachwa alie. Ila akikunja uso, akapumua haraka, akaisukuma redio au akaanza kuita jina, wimbo unazimwa papo hapo bila maswali, na mtu anamshika mkono mpaka apoe. Jioni hiyohiyo binti anaufuta wimbo wa sita kwenye flashi na kuukata kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, ili dada wa kazi na shemeji anayelala zamu ya Jumamosi wasiurudishe. Nyimbo tisa zimebaki. Flashi ya pili yenye nyimbo hizohizo, iliyoandikwa jina la bibi, inakaa kwenye mfuko wa kadi yake ya kliniki, kwa siku atakayolazwa wodini kati ya watu asiowajua.