Mjusi wa Jedi: Opsheni Isiyoogopa Bei Kupanda

Mjusi wa jedi ni jina ambalo wafanyabiashara wa opsheni nchini Marekani wameupa mpangilio wa mikataba mitatu ya hisa moja, yote ikiisha siku moja. Opsheni ni haki inayolipiwa. Mnunuzi hulipa premiamu ili apate haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa. Muuzaji wa opsheni hupokea premiamu hiyo na kubeba wajibu wa kuitimiza haki hiyo akidaiwa.

Mfano ni hisa inayouzwa dola 50. Mfanyabiashara anauza opsheni ya kuuza kwa bei ya 45 na kupokea dola 1.60 kwa kila hisa. Anauza pia opsheni ya kununua kwa bei ya 55 na kupokea 1.10. Kisha, kwa 0.60, ananunua opsheni ya kununua kwa bei ya 57. Zinabaki mkononi dola 2.10 kwa hisa, na kwa kuwa mkataba mmoja hubeba hisa 100, jumla ni dola 210.

Bei ikiishia kati ya 45 na 55, opsheni zote hufa na dola 210 ni zake. Ikipaa hadi 80, atalazimika kuuza hisa kwa 55, lakini ile opsheni aliyoinunua inampa hisa hizo kwa 57. Hasara ni dola 2 kwa hisa, yaani 200, nayo inafunikwa na zile 210. Hata bei ifike 500, hesabu haibadiliki: anabaki na dola 10, kabla ya ada za wakala. Siri yote iko hapo. Premiamu halisi lazima ifikie au ipite pengo kati ya bei mbili za kununua. Angepokea 1.80 tu, kupanda kwa bei kungemtoa dola 20.

Hatari iliyobaki iko chini. Hasara huanza bei ikishuka chini ya 42.90. Ikifika 35, amepoteza dola 790. Kampuni ikifilisika na hisa kukosa thamani, 4,290.

Hata ulinzi wa juu una ufa siku ya mwisho. Hisa ikifunga Ijumaa kwa 56, opsheni ya 55 hutekelezwa, lakini ile ya 57 inakufa bila thamani. Mfanyabiashara anaingia Jumatatu akidaiwa hisa 100 asizokuwa nazo. Soko likifunguka kwa 60, atazinunua kwa hasara ya dola 500, na baada ya kutoa premiamu bado amepoteza 290. Ndiyo maana mpangilio huu hufungwa kabla ya siku ya ukomo, na humfaa tu yule aliye na fedha na nia ya kuimiliki hisa hiyo kwa dola 45.