Picha moja, maumbo matatu

Picha inayotumika kutangaza bidhaa mtandaoni huhitajika katika maumbo matatu: bango pana la juu ya ukurasa, mraba wa chapisho, na stori inayojaza simu iliyosimama. Mara nyingi kuikata tu hakutoshi, hivyo mandhari ya nyuma huongezwa.

Tuseme chungu kimepigwa picha juu ya meza, nyuma yake ukuta mtupu. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000. Chungu kiko katikati, upana wake ni 1800 na kimo 2400. Mraba ndio rahisi: pande mbili hukatwa, hubaki 4000 kwa 4000.

Stori ina uwiano wa 9 kwa 16. Picha ikikatwa bila kuongezwa, upana hubaki 2250 na chungu hubanwa. Upana ukiwa 3000, chungu hupata nafasi, lakini kimo lazima kifike 5333, yaani 1333 zaidi. Ni vyema 1000 hivi ziongezwe juu, ambako kuna ukuta mtupu, na zinazobaki ziongezwe chini. Mistari ya mbao za meza hupanuka kadiri inavyomkaribia mtazamaji, na kuirefusha bila kuipinda ni kazi ngumu. Nafasi ya juu pia huwa akiba, kwa kuwa jina la akaunti hufunika sehemu hiyo.

Bango la 3 kwa 1 lina shida nyingine. Upana wa 6000 ungedai kimo cha 2000, na chungu kingekatwa. Kimo kikiwekwa 3000, upana huwa 9000. Pikseli 3000 zinazopungua zikiongezwa zote kushoto, chungu huhamia kwenye mstari wa theluthi ya kulia na maandishi hupata pa kukaa.

Njia nyepesi ya kuongeza ukuta ni kuchagua ukanda wa ukingoni, usio na kivuli cha chungu, na kuuvuta kwa Free Transform. Kasoro yake ni kwamba chembechembe za picha hugeuka michirizi. Kwa hiyo sehemu iliyovutwa hulainishwa kwa Gaussian Blur, kisha huongezewa chembechembe kwa Add Noise hadi zilingane na za picha yenyewe. Kama ukuta unafifia kuelekea kushoto, sehemu mpya nayo iendelee kufifia. Ikibaki na rangi moja, mwanga huonekana umekatika ghafla. Ukingo wa meza huunganishwa kwa mstari ulionyooka.

Kiungo kikaguliwe kwa ukubwa wa 100%, kisha tabaka la Curves liwekwe juu na kukoza tofauti ya mwanga na giza. Mstari au mabaka yaliyojificha hujitokeza; yakisharekebishwa, tabaka hilo huondolewa. Hatimaye stori hupunguzwa hadi 1080 kwa 1920, mraba 1080 kwa 1080, na bango 1500 kwa 500.

Njia hii hufaa kwa ukuta, anga au kitambaa kisicho na nakshi. Ukuta wa matofali ukivutwa, matofali nayo hurefuka. Na mkono uliokatwa na ukingo wa picha hauwezi kukamilishwa kwa kuvutwa. Hapo picha nyingine huhitajika, iliyopigwa kwa kuacha nafasi pande zote.