Shawa Inamwaga Juu, Mdomo wa Bomba Unatiririka Chini

Mwenye nyumba akimwambia fundi bomba kwamba mdomo wa bomba la bafuni unavuja, fundi makini hakimbilii spana. Huuliza kwanza: unavuja saa ngapi? Wakati mtu anaoga kwa shawa, au usiku kucha koki zikiwa zimefungwa? Malalamiko yanafanana, lakini ni maradhi mawili tofauti, na kila moja lina kipuri chake. Wengi hununua kipuri cha moja kutibu lingine, kisha wakalaumu duka.

Tufuate maji yenyewe. Kwenye mikisa ya beseni la kuogea, maji ya moto yanaingia upande mmoja na ya baridi upande wa pili. Kila upande una koki yake, au zote mbili zinatawaliwa na mkono mmoja. Maji yakishapita hapo yanakutana katika tumbo la mikisa, na kutoka tumboni kuna njia mbili: ya chini inakwenda mdomoni, ya juu inakwenda kwenye mpira wa shawa. Kwenye njia panda hiyo ndipo inapokaa daivata. Angalia mpangilio: daivata iko baada ya koki. Haina uwezo wa kuzuia maji yasije. Kazi yake ni kuchagua yatokee wapi. Kwa hiyo bomba likidondosha matone alfajiri wakati hakuna aliyeligusa tangu jana jioni, daivata haina hatia. Tatizo liko kwenye washa ya koki au kartriji ya mkono, na mtu anaweza kubadilisha daivata tatu bila tone hata moja kupungua.

Kuna matone ya aina ya tatu yasiyo ugonjwa kabisa. Ukimaliza kuoga na kufunga koki, maji yaliyobaki njiani hayajapotea. Mpira wa shawa wa mita 1.5 wenye tundu la milimita 8 unabeba takriban mililita 75, na kama shawa inalishwa na bomba lililofukiwa ukutani, lenyewe linaweza kubeba zaidi ya hapo. Maji hayo yatashuka kidogo kidogo, kupitia kichwa cha shawa au mdomoni, kwa dakika kadhaa. Yakikoma yenyewe, acha.

Linabaki lile linalotuhusu: unaoga, shawa inafanya kazi, na chini mdomo unatiririka.

Daivata iliyozoeleka zaidi ni ile ya kuvuta kishikio juu. Ndani yake kuna kijiti cha shaba au plastiki chenye washa ya mpira, na springi inayokisukuma chini. Kikiwa chini, njia ya mdomo iko wazi. Ukikivuta, washa inapanda na kukaa juu ya kiti chake, yaani duara la shaba lililochongwa ndani ya mwili wa mikisa, na njia ya mdomo inazibwa. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda kwenye shawa. Ukiachia mkono, kishikio hakianguki, ingawa springi bado inakisukuma. Kinachokishikilia ni maji yenyewe: upande mmoja wa washa kuna presha ya tumbo la mikisa, upande wa pili kuna mdomo uliokauka usio na presha yoyote. Maji yanaibana washa kwenye kiti. Ukifunga koki presha inakufa, springi inashinda, kishikio kinashuka. Ndiyo sababu anayekuja baada yako akifungua maji ya kunawa miguu hapati mvua ya baridi kichwani.

Mpango huu ni wa werevu, ila unategemea presha, na nyumba zetu nyingi zinakula maji ya tangi la juu. Chukulia nyumba ambayo uso wa maji tangini uko mita 4 juu ya mikisa. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, hivyo hapo tuna baa 0.4, tena kabla maji hayajatembea. Yakianza kutembea, sehemu ya presha inaliwa na kona za mabomba na valvu iliyofunguliwa nusu. Tumboni mwa mikisa inabaki ile tu inayohitajika kuyapandisha maji hadi kichwa cha shawa na kuyapenyeza kwenye matundu yake. Kichwa kikiwa mita moja juu, hiyo ni baa 0.1 na ziada kidogo. Washa yenye kipenyo cha milimita 14 ikipata presha hiyo inasukumwa kwa nguvu ya uzito wa gramu 150 hivi. Springi iliyotengenezwa kwa ajili ya mitaa yenye baa 2 au 3 inaweza kuishinda nguvu hiyo bila shida. Kishikio kinashuka nusu, washa inaachana na kiti, na mdomo unaanza kutiririka.

Hapa ndipo mambo yanapowachanganya watu. Kichwa cha shawa chenye matundu mapana kinaruhusu maji yapite kirahisi, presha ya tumboni inashuka, na kishikio kinaanguka. Ukiushusha mpira ukaoshea beseni chini, kishikio kinaanguka pia, kwa sababu maji hayana tena mita moja ya kupanda. Uinue mpira juu, kinashika. Anayeona hivyo asinunue washa mpya, maana mpira ule mzima utafanya vilevile. Anachohitaji ni mikisa ambayo kishikio chake kinavutwa kisha kinazungushwa kidogo kikajifunga, au springi laini zaidi kama fundi anaweza kuipata ya saizi ileile.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua shawa, kisha vuta kishikio kwa mkono na ukishikilie juu kabisa. Mdomo ukikauka, kasoro ni ya presha na springi. Ukiendelea kutiririka mkono ukiwa umeshikilia, washa haizibi.

Washa huacha kuziba kwa sababu tatu, na ya kwanza kuitafuta ni mchanga. Punje moja ikikaa kati ya mpira na shaba inatosha kuacha mwanya. Ya pili ni chokaa: maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe kwenye kiti, na mpira laini hauwezi kukaa sawa juu ya ukoko. Ya tatu ni uzee. Mpira unakuwa mgumu, unachongeka duara la kiti usoni mwake, na ukipinda hupasuka.

Kabla ya kufungua mikisa, hata hivyo, fungua kichwa cha shawa. Matundu yakizibwa na chokaa, maji yanarudisha presha tumboni na kutafuta upenyo wowote wa kutokea. Washa iliyochoka kidogo, ambayo ingevumilia, inaanza kumwaga. Acha maji yatoke kwenye mpira mtupu huku umeshikilia kishikio juu kwa mkono. Mtiririko wa mdomoni ukipungua sana, loweka kichwa kwenye siki kwa saa moja, sugua matundu kwa mswaki mkuukuu, na huenda kazi ikaishia hapo.

Si kila mtiririko unastahili fundi. Kuna daivata ya aina nyingine iliyo ndani ya mdomo wenyewe, ambapo ukivuta kijiti kilicho juu ya mdomo unanyanyua kigeti kidogo. Aina hii imeenea sana Marekani, na kigeti chake hakizibi kwa ukamilifu hata kikiwa kipya. Sheria za jimbo la Kalifonia zimeweka kiwango: kikiwa kipya kisivujishe zaidi ya galoni 0.01 kwa dakika, yaani takriban mililita 38, na baada ya kuchezeshwa mara 15,000 kwenye majaribio kisizidi galoni 0.05, karibu mililita 190. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri hata kwa mikisa ya kishikio. Weka jagi chini ya mdomo kwa dakika moja huku shawa ikimwaga. Vijiko viwili vya chakula si habari. Kikombe kizima ni habari.

Tuseme jagi limeonyesha mililita 400. Kwa mtu anayeoga dakika 8, zimepotea lita 3.2. Wakiwa watu wanne wanaooga mara moja kwa siku, ni lita 12.8; kwa mwezi wa siku 30 ni lita 384, ndoo 19 za lita 20. Kwa nyumba inayonunua maji ya boza, hiyo si tena kero ya sauti tu.

Kuitengeneza hakuhitaji kubomoa ukuta kama mikisa iko nje. Funga valvu inayolisha bafu na ufungue koki zote mpaka zikauke. Ziba tundu la kutolea maji la beseni kwa kitambaa, maana springi hupenda kurukia humo. Kishikio hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na saa, na chini yake kuna nati inayohitaji spana. Funga kitambaa kwenye meno ya spana ili usichubue kromu. Kijiti kikitoka, kipeleke dukani pamoja na washa yake, kwa sababu saizi zinatofautiana kwa milimita moja na muuza duka hatakisia vizuri kuliko kipimo. Wakati huo huo ingiza kidole kwenye kiti ulichokiacha ukutani. Ukoko utatoka kwa kitambaa chenye siki. Lakini kidole kikigusa vishimo kwenye shaba, simama: hakuna washa itakayoziba vishimo, na fedha ya kipuri itakuwa imetupwa. Hapo ni mikisa mpya. Kigeti cha ndani ya mdomo ni rahisi zaidi kwa maana hiyo, kwani kwa kawaida hubadilishwa mdomo mzima.

Ukirudisha washa mpya, ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka na ya kupikia, ambayo ndiyo yaliyo karibu na mkono, huvimbisha aina nyingi za mpira, na baada ya muda kijiti kinakwama katikati, kikimwaga juu na chini kwa pamoja.

Kwa anayejenga au anayebadilisha mikisa chini ya tangi la juu, ipo daivata ya kuzungusha robo mzunguko, yenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Haina springi, hivyo haijali kama presha ni baa 0.1 au 3, na kauri haizeeki kama mpira. Mchanga ndio adui yake, kwa sababu hukwaruza visahani na mkwaruzo haushonwi. Chujio kwenye bomba linalotoka tangini linagharimu kidogo kuliko kartriji. Na kwa kuwa haina springi, haijirudishi. Asubuhi, atakayefungua koki ili anawe miguu atalowa kichwa, kama aliyeoga kabla yake alisahau kuirudisha.